Watu Wawili kwa Ubao Mmoja

Barua ya mfuko wa fedha za utafiti iliingia Jumatatu asubuhi, nikiwa nimeshika chupa ya maziwa ya binti yangu kwa mkono mmoja na kompyuta kwa mwingine. Aliyekuwa akimlea nyumbani alikuwa amefiwa, kwa hiyo wiki hiyo mtoto alikuja nami kazini. Nilisoma mstari wa kwanza nikapiga kelele za furaha. Nilisoma wa pili nikanyamaza.

Utafiti wangu ulikuwa umekubaliwa. Ulikuwa wa kwanza mimi kuuongoza kama mtafiti mkuu: kupima watoto mia tisa walio chini ya miaka miwili katika vitongoji sitini vya bondeni, ng'ambo ya mto, ili tujue ni wangapi wamedumaa na udumavu unaanzia umri gani. Mfuko ulisema swali ni zuri na mbinu ni nzuri. Ila fedha zilikuwa zimepungua. Sisi tuliomba dola elfu sitini na nane na mia mbili. Wao wangetoa elfu hamsini na nane, wala si senti zaidi. Nirudishe bajeti mpya kabla ya Ijumaa saa kumi jioni, au nafasi iende kwa anayefuata.

Nilimwita mhasibu wa idara. Sisi tulimwita Stakabadhi, kwa sababu mtu akitoka kazi ya vitongojini, yeye hasemi karibu, anasema, "Stakabadhi ziko wapi?" Alikuja na kikokotoo chake cha zamani chenye vitufe vilivyofutika namba, akavuta kiti, akaisoma bajeti kwa kidole kutoka juu hadi chini. Hakuchukua dakika kumi.

"Dada, hii ni rahisi," alisema. "Una wadadisi kumi na sita. Kwa nini?"

Wadadisi ndio wale vijana wanaopita nyumba kwa nyumba na dodoso. Nikamweleza kwamba ni timu nne, kila timu ina wadadisi wanne na msimamizi mmoja, na wadadisi wanakwenda wawili wawili.

"Wawili wanafanya nini kwenye nyumba moja? Mmoja anauliza, mwingine anamtazama mwenzake akiuliza? Peleka mmoja mmoja. Kumi na sita wanakuwa wanane. Wadadisi wanane, siku arobaini, dola ishirini na tano kwa siku: umeokoa elfu nane hapo hapo. Halafu hii mikutano ya vijijini ya kurudisha matokeo, kumi na miwili, elfu tatu. Futa. Andika ripoti, itume wilayani, wasome. Elfu kumi na moja hizo. Umeshamaliza, tena na chenji."

Sitaficha: nilishawishika. Nilikuwa na mtoto mapajani, siku tano, na njia iliyonyooka mbele yangu. Nilishika hata kalamu.

"Tumuulize Shangazi kwanza," nilisema, kwa adabu tu.

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Alikuwa mratibu wetu wa kazi za nje, mama wa miaka hamsini na tatu, mwembamba, mwenye viatu vya raba hata akivaa nguo ya harusi. Alianza kama mdadisi akiwa na miaka ishirini na mbili, na alikuwa amepita na dodoso mkononi katika kila kata ya bondeni. Digrii hakuwa nayo. Alikuwa na madaftari. Humo aliandika kutoka kitongoji fulani hadi kingine ni kilomita ngapi, njia inapitika miezi gani, na kwamba mlinzi wa shule fulani hana ufunguo, ufunguo uko kwa mkewe. Vijana wote aliowafundisha walimwita Shangazi, na jina likapanda ngazi hadi kwa mkurugenzi.

Alimsikiliza Stakabadhi hadi mwisho. Hakubisha. Alitoka, akarudi amebeba kwapani ubao wa kupimia urefu wa watoto wachanga: mrefu kama benchi, una kizuizi kilichosimama upande wa kichwa, na upande wa miguu kipande kinachoteleza juu ya rula. Akauweka mezani juu ya makaratasi yetu.

"Shemeji," alimwambia Stakabadhi, maana ndivyo walivyotaniana miaka yote, "mtoto huyu ana miezi mingapi?"

"Kumi na tisa," nilijibu mimi.

"Basi mpime. Peke yako. Chini ya miaka miwili anapimwa amelala. Kichwa kiguse hapa, magoti yanyooke, nyayo ziguse hapa, usome namba. Ni hivyo tu."

Stakabadhi alikunja mikono ya shati. Binti yangu alimpenda kwa nusu dakika, mpaka alipolazwa. Akishika kichwa, miguu inapaa kama ya chura. Akishika miguu, kichwa kinateleza kutoka kwenye kizuizi na mtoto anageuka kunitafuta mimi. Alisoma sabini na nane nukta moja. "Tena," Shangazi alisema. Themanini nukta nne. "Tena." Safari ile mtoto alikuwa analia kabisa na miwani ya mhasibu ilikuwa sakafuni. Sabini na sita nukta tisa.

"Mtoto amepungua sentimita tatu na nusu kabla chai haijapoa," Shangazi alisema. "Haya, mama mtu, mpoze."

Nilimpoza. Tulingoja hadi alipocheka tena. Kisha Shangazi akapiga magoti upande wa kichwa, akamshika masikio kwa viganja vyote viwili kama anayeshika bakuli lililojaa, macho yao yakitazamana, akimsemesha taratibu. Akaniagiza mimi upande wa miguu. Mkono wa kushoto juu ya magoti, wa kulia kwenye kile kipande kinachoteleza. Sabini na tisa nukta tatu. Tukamwinua, tukamlaza tena: sabini na tisa nukta mbili.

"Udumavu ni nini, shemeji? Ni urefu kwa umri. Sentimita mbili zinamtoa mtoto mzima zinamwingiza kwenye waliodumaa, au aliyedumaa zinamwambia mama yake yuko salama. Ukipeleka mdadisi mmoja mmoja umeokoa elfu nane, ni kweli. Zilizobaki elfu hamsini umezitupa mtoni."

Stakabadhi aliokota miwani, akaifuta kwa tai. "Sasa fedha zitatoka wapi?"

"Nipe mpaka Jumatano," Shangazi alisema. "Na wewe Daktari, usitume kitu."

Kuna jambo moja la hesabu lazima nilieleze hapa, maana Stakabadhi mwenyewe ndiye aliyelikumbusha kabla hajaondoka, na lilitusaidia. Juu ya gharama zote za utafiti, chuo huchukua asilimia kumi ya uendeshaji: umeme, walinzi, ofisi. Gharama zetu zenyewe zilikuwa elfu sitini na mbili. Elfu sita na mia mbili zilikuwa za chuo. Ukipunguza dola moja kwenye utafiti, ile asilimia nayo inapungua. Kwa hiyo hatukuhitaji kutafuta elfu kumi na mia mbili. Tulihitaji elfu tisa mia mbili sabini na tatu.

"Afadhali," nilisema.

"Afadhali ya nini?" Stakabadhi alijibu. "Bado ni mlima."

Siku ile Shangazi alishinda stoo. Nilimkuta saa nane mchana ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kilemba kimejaa vumbi, mbele yake vishikwambi vimepangwa kama sahani za karamu. Vilikuwa vya utafiti wa chanjo uliokwisha mwaka juzi. Vilikuwa ishirini na vitatu. Alikuwa amevichaji vyote kwa zamu kwenye soketi moja, akajaribu kila kimoja: kioo, betri, kamera, kama kinashika ramani.

"Kumi na saba ni vizima," alisema. "Sita ni vya kuzika."

"Lakini tunahitaji ishirini, Shangazi. Wadadisi kumi na sita na wasimamizi wanne."

Alinitazama kwa namna ambayo mama humtazama mtoto aliyevaa viatu kinyume. "Wadadisi wanakwenda wawili wawili. Kwenye nyumba moja kuna dodoso moja. Jozi nane, vishikwambi vinane. Wasimamizi wanne, vinne. Kumi na viwili. Vitano vya akiba. Hiyo ishirini niliinakili mimi mwenyewe kutoka bajeti ya zamani, bila kufikiri. Ni aibu yangu, usimwambie shemeji."

Dola elfu tatu na mia sita tulizokuwa tumetenga za kununua vipya, zimeokolewa kwa ndoo moja na soketi moja. Nikampigia simu aliyeongoza utafiti wa chanjo. Akasema mkataba wao uliacha vifaa mikononi mwa idara, akatuandikia barua ya ruhusa alasiri ile ile.

Kesho yake, Jumanne, alileta madaftari na ramani, akaitandaza sakafuni, tukavua viatu tukatembea juu yake kwa soksi. Tulikuwa tumekodi magari manne kwa siku thelathini na nne, dola mia kwa gari kwa siku, mafuta na dereva humo humo. Shangazi alichukua maharage mabichi akaweka moja juu ya kila kitongoji. Yakaonekana makundi. Ishirini na tano kati ya vitongoji vyetu vilikuwa kando ya barabara kuu au karibu nayo.

"Hapa gari moja linatosha timu mbili," alisema. "Linashusha hawa saa kumi na mbili na nusu, linawapeleka wale, jioni linarudi kinyume. Lakini huku mbele" — akaonyesha upande wa milima kwa kidole cha mguu — "kila timu na gari lake, sitaki mchezo. Mwaka mmoja niliacha timu bila gari huku, wakalala darasani na mbuzi."

Alihesabu siku moja moja, bila kukadiria. Kwa siku kumi na nne tungetumia magari mawili badala ya manne. Elfu mbili na mia nane.

Mchambuzi wetu wa data alikuwa ameketi mlangoni muda wote huo. Huyu ni mtu ambaye akisema sentensi mbili kwa siku mkewe hudhani ana homa. Alikohoa. "Leseni ya programu," alisema. "Mia nane hamsini. Ipo ya bure. Naijua vizuri zaidi." Akainuka akaenda zake.

"Mungu ambariki," Shangazi alisema. "Tangu mwaka jana nilikuwa nadhani hanipendi."

Iliyobaki ilinihusu mimi. Kwenye fungu la kusambaza matokeo kulikuwa na mambo matatu: mikutano kumi na miwili ya kata, elfu tatu; ripoti na kikao cha wilaya, elfu moja na mia nane; na elfu mbili za kulipia makala kwenye jarida kubwa la nje. Shangazi aliliweka daftari mbele yangu, akangoja macho yangu yafike hapo yenyewe.

"Jarida lile ndilo linalosomwa," nilisema. "Bila makala kule sipandi cheo."

"Hakuna majarida yasiyotoza?"

"Yapo."

"Mazuri?"

"Mengine mazuri."

"Na hilo kubwa, halisamehi watu wa nchi zetu?"

"Husamehe. Ila lazima uombe, na sharti uombe wakati wa kuwasilisha makala."

"Basi utaomba," alisema. "Mdomo haulipiwi ushuru." Kisha akaongeza, kwa sauti nyingine kabisa: "Sikulazimishi, mwanangu. Ni jina lako, ni kazi yako. Ukisema elfu mbili zibaki, nitarudi stoo."

Nilizifuta mwenyewe. Sikujisikia shujaa, nilijisikia nimenyang'anywa. Mpaka tulipojumlisha.

Elfu tatu mia sita, elfu mbili mia nane, mia nane hamsini, elfu mbili. Jumla elfu tisa mia mbili hamsini. Stakabadhi, tuliyekuwa tumemwita Jumatano asubuhi, alibonyeza vitufe vyake visivyo na namba, akaongeza asilimia ya chuo, akatusomea: "Elfu hamsini na nane na ishirini na tano. Mmezidi kwa dola ishirini na tano."

Tulicheka mpaka binti yangu naye akacheka bila kujua kwa nini. Shangazi akakata dola hamsini kwenye uchapaji wa ripoti. "Wakubwa wawili wasome nakala moja," alisema. "Watazoeana." Ikawa elfu hamsini na saba mia tisa sabini. Stakabadhi alisaini, kisha akauliza kuhusu mstari mmoja aliokuwa ameuzunguka kwa kalamu: wadadisi kumi na wanane kwenye mafunzo, ilhali wanaokwenda ni kumi na sita. Dola mia tatu za watu wawili wa ziada.

"Hao hawaguswi," Shangazi alisema. "Mtu akiugua wiki ya tatu, huwezi kumfundisha mwingine kupima mtoto chini ya mti."

Nilimpeleka Shangazi nyumbani jioni ile kwa gari langu. Mumewe ni fundi cherehani, kibanda chake kipo mbele ya nyumba, na futi ya kupimia haimtoki shingoni. Shangazi alimhadithia habari ya mhasibu na ubao. Mzee akatikisa kichwa.

"Watu wawili kumpima mtu mmoja! Mimi napima peke yangu miaka thelathini."

"Ndiyo maana suruali zinarudi," Shangazi alisema, akaingia ndani kuvua viatu.

Tulituma bajeti Alhamisi. Ijumaa saa nne, afisa wa mfuko alipiga simu, na nikaiweka kwenye kipaza sauti ili wote wasikie. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole inayokwenda moja kwa moja kwenye jambo. Alisema ameridhika na vifaa, ameridhika na magari, na barua ya vishikwambi ameiona. Jozi za wadadisi alikuwa na swali nazo, lakini Stakabadhi ndiye aliyeinama kwenye simu na kumjibu. Alimweleza habari ya kichwa, magoti na nyayo kana kwamba alizaliwa juu ya ubao ule, mpaka afisa akasema, "Nimeelewa, asante, nimeelewa."

"Limebaki moja," aliendelea. "Mikutano kumi na miwili ya kata. Mifuko mingi siku hizi inaridhika na ripoti na kikao cha wilaya. Mkiondoa mikutano, mnaweza kupata nafasi ya kurudisha ada ya jarida. Nimeona mmeifuta."

Hakuna aliyenitazama, na hilo ndilo lililonishinda. Nilimwomba Shangazi ajibu.

"Mama," alisema, akisogea karibu na simu, "nina miaka thelathini na moja katika kazi hii. Mwaka wa tisa au wa kumi, nilifika kwa mwanamke mmoja bondeni kumpima mtoto wake wa tatu. Akanikubalia, akanipa kigoda, akamlaza mtoto bila hata kuambiwa. Nikamwambia, unajua kazi hii. Akasema, 'Huyu ni mtoto wangu wa tatu kupimwa na watu wa chuo. Wa kwanza alipimwa, wa pili alipimwa. Mliandika, mkaenda. Mimi mpaka leo sijui walikuwa warefu au wafupi.' Hakusema kwa hasira. Angekasirika ningepata la kujibu." Akaweka kidole kwenye mstari wa mikutano. "Hizo elfu tatu si za kusambaza matokeo. Ni za kulipa deni la kigoda."

Upande wa pili tukasikia kalamu ikigongwa mezani. "Ibaki," afisa alisema. "Nitawatumia mkataba Jumatatu."

Mafunzo yalichukua siku sita. Shangazi aliwapanga vijana wapime watoto kumi mara mbili bila kuona namba ya kwanza, na jozi iliyopishana kwa zaidi ya milimita saba ilirudia hadi ilipoacha kupishana. Kisha timu zikaondoka, na kwa wiki mbili kila jioni saa kumi na mbili nilipata ujumbe wake: vitongoji vilivyokamilika, watoto waliopimwa, nyumba za kurudiwa, gari lililopata pancha.

Siku ya kumi na tisa alipiga simu badala ya kuandika. Mdadisi mmoja alikuwa ameteleza kwenye jiwe la kivuko, amevunjika kifundo cha mguu. Yuko hospitali ya wilaya. Mmoja wa wale wawili wa ziada alikuwa njiani kuchukua nafasi yake, kazi haitasimama.

"Lakini nimekosea, Daktari," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake imechoka. "Bajeti nzima nimeipitia mara ishirini, sikuweka bima wala matibabu. Nilihesabu magari, nikahesabu maharage, nikamsahau mtu. Hospitali wanataka dola mia mbili na arobaini. Nitatoa zangu."

"Hutoi," nilisema. Lakini sikujua zitatoka wapi.

Aliyejua ni Stakabadhi. Nilidhani atataka fomu tatu na mihuri. Yeye alifungua mkataba, akaweka kidole kwenye kifungu kinachoruhusu kuhamisha fedha kutoka fungu moja hadi jingine ilimradi isizidi asilimia kumi ya fungu, na mfuko uarifiwe. Wiki iliyopita kata moja ya ule upande wa milima ilikuwa imemalizika siku moja mapema. Magari manne, siku moja, dola mia nne hazikutumika. Mia mbili arobaini za hospitali. Mia moja sitini zilizosalia akaziandika kuwa malipo ya siku za kijana zilizopotea. "Aliumia akiwa kazini," alisema, "si harusini." Kisha akafunga ofisi, akapanda gari la idara, akazipeleka mwenyewe. Vijana walinisimulia baadaye kwamba alipofika kitandani alimpa mgonjwa pole, akamuuliza kama amekula, na hakutaja stakabadhi mpaka alipokuwa mlangoni anatoka.

Watoto mia nane na themanini na saba tuliwapata kati ya mia tisa. Mchambuzi alijifungia na data yake wiki tano. Siku aliyotoka aliweka karatasi moja mezani kwangu, mchoro wa mstari mmoja. Hadi miezi sita, watoto wa bondeni walikwenda sambamba na watoto wenye afya popote pale. Baada ya hapo mstari uliinama, ukaendelea kuinama hadi mwaka wa pili. Watoto thelathini na wanane katika kila mia walikuwa wamedumaa, na karibu wote walianzia pale maziwa ya mama yanapoacha kutosha peke yake.

"Data safi," alisema. "Sijawahi kuona vipimo vya urefu visafi hivi." Hizo zilikuwa sentensi mbili. Nilimpigia Shangazi hapo hapo.

Nilikwenda naye kwenye mkutano wa kwanza wa kata, katika darasa lenye madirisha bila vioo. Nilikuwa nimeandaa picha za kuonyesha ukutani, umeme haukuwapo. Shangazi alichukua chaki akauchora ule mstari ubaoni, mrefu, akitembea nao kutoka kushoto hadi kulia. Alipofika mwezi wa sita mkono wake ukaanza kushuka, na darasa zima likashuka nao kwa macho.

Baba mmoja aliyekaa nyuma akasimama, mtu mzima, kofia mkononi. "Shangazi" — naye alimwita hivyo, sijui alilitoa wapi jina — "unasema kabla ya hapo watoto wetu wako sawa na wa watu wengine?"

"Sawasawa kabisa."

"Basi si damu yetu. Mimi nimeambiwa miaka yote kwamba sisi wa bondeni ni wafupi kwa damu."

"Si damu," Shangazi alisema. "Ni bakuli."

Yakaanza maswali ambayo sijawahi kuulizwa katika ukumbi wowote wa wasomi: uji mzito kiasi gani, yai moja kwa siku ngapi, ukienda shamba asubuhi nani amlishe, na kwa nini kliniki inapima uzito tu wala haipimi urefu. Muuguzi wa kata alikuwa amekaa pembeni. Aliandika hilo la mwisho. Tulitoka pale saa tisa, wakati tulipanga kutoka saa sita.

Makala niliiandika kwa miezi mitatu. Jarida lile kubwa nililiomba msamaha wa ada, likanikatalia. Jingine lisilotoza likaipokea. Kwenye orodha ya waandishi niliweka jina langu, la mchambuzi, na la Shangazi. Mkurugenzi aliniita. Akasema kwa upole kwamba mratibu hushukuriwa mwishoni, hawekwi juu, tena huyu hana digrii. Nilimwambia kwamba aliyepanga namna ya kupima, aliyefundisha wapimaji, aliyefanya vitongoji vya sampuli vifikike na bajeti itoshe, akaisoma rasimu akanirekebisha mahali pawili, huyo ni mwandishi. Na kama si mwandishi, basi na mimi nitolewe. Akaivuta fomu ya waandishi. Akasaini.

Nilimpelekea Shangazi nakala ofisini kwake. Alikuwa anafungasha begi; kuna watu wengine walikuwa wamemwomba akawafundishie wadadisi wa utafiti wa maji. Alilisoma jina lake, akapitisha kidole gumba juu yake taratibu, kama mtu anayeangalia wino umekauka.

"Ukurasa wa nne," alisema baadaye, bado akiwa ameinamisha kichwa, "umeandika siku thelathini za kazi. Zilikuwa thelathini na tatu."

"Zile tatu zilikuwa za safari na kurudia nyumba."

"Zilikuwa kazi," alisema. Akaikunja nakala vizuri, akaiweka begini juu ya nguo, akafunga zipu.